Shajara ya mradi wa vibao, Mtwara na Lindi: nakala ipi itafsiriwe?

Machi. Tafsiri inayorudia kilichokwisha kusemwa

Kazi ya mradi ni kukusanya picha za vibao vya Mtwara na Lindi, kunukuu maandishi yaliyomo, na kuandaa tafsiri itakayowekwa juu ya picha ili msomaji wa Kiswahili aelewe kibao kizima bila kuomba msaada. Baadaye tuliongeza msomaji wa pili, yule wa Kireno anayevuka mto Ruvuma kutoka Cabo Delgado, Msumbiji, kuja kununua au kuuza bidhaa upande wetu. Vibao vya lugha moja havisumbui. Kibao cha Kiingereza kitupu kwenye lango la ghala hutafsiriwa mstari kwa mstari, kazi ikaisha. Shida iko kwenye vibao vinavyosema jambo lilelile mara mbili au tatu, navyo huku ni vingi: Kiswahili na Kiingereza bandarini na kandokando ya njia ya bomba la gesi, Kiswahili na Kireno kuelekea Msumbiji, na pengine Kichina kikiwa cha tatu penye ujenzi.

Utaratibu tulioanza nao ulitaka kila mstari usio wa Kiswahili utafsiriwe. Kwenye picha ya ghala la korosho, mstari wa juu ulikataza kwa Kiswahili kuvuta sigara ndani ya ghala, na wa chini ulisema hivyohivyo kwa Kiingereza. Baada ya tafsiri kuwekwa, kibao kikawa na makatazo mawili ya Kiswahili yenye maneno tofauti kidogo. Tulimwonyesha mama mmoja anayeshughulika na hesabu za chama cha msingi cha ushirika, akasoma, akarudia kusoma, kisha akauliza: «Mwanangu, hili la chini ni la wageni, au ni lilelile la juu?»

Swali lake ndilo lililobadilisha kazi. Msomaji akikuta sentensi mbili za lugha moja zinazofanana bila kulingana, huamini kwamba aliyeandika alikuwa na sababu ya kuziandika mbili, naye huanza kuitafuta tofauti. Kwenye kibao halisi hilo halitokei, kwa kuwa mabadiliko ya lugha yenyewe yanamjulisha kwamba mstari wa pili ni wa msomaji mwingine. Tafsiri ikiifuta tofauti ya lugha, inamnyima alama hiyo na kumwachia kitendawili.

Machi, mwishoni. Kipimo ni ujumbe, si mstari

Tumekubaliana kwamba hakuna mstari utakaoachwa wakati wa kunukuu. Maandishi yote yanaingia kama yalivyo, pamoja na makosa ya tahajia, nambari za simu na vifupisho, na kila mstari unapewa alama ya lugha yake. Uamuzi wa kutafsiri au kutotafsiri unafanywa baadaye, mistari ikishakusanywa katika jumbe. Ujumbe mmoja ni jambo moja ambalo msomaji anatakiwa kulijua au kulitenda, hata likiwa limeandikwa kwa lugha tatu na kuchukua mistari sita.

Kwa kunukuu tunatumia Tesseract, programu ya kusoma maandishi yaliyo kwenye picha, inayosoma Kiswahili, Kiingereza na Kireno kwa pamoja. Kwa vibao, ambavyo maandishi yake hutawanyika badala ya kufuatana kama aya za kitabu, amri hii imetufaa kuliko nyingine:

```
tesseract kibao.jpg kibao -l swa+eng+por --psm 11 tsv
```

Faili inayotoka inaonyesha kila neno, mahali lilipo kwenye picha, na kiwango cha uhakika wa usomaji. Haisemi neno ni la lugha gani. Alama ya lugha tunaiweka wenyewe kwa mkono, kwa sababu programu za kutambua lugha zinahitaji maandishi marefu kiasi, na mstari wa kibao mara nyingi ni neno moja au mawili. Neno «SALA» peke yake linaweza kuwa la Kireno likimaanisha chumba au la Kiswahili likimaanisha ibada, na kinachoamua ni mistari iliyo jirani, rangi ya maandishi, au mahali kibao kilipobandikwa.

Katika kupanga jumbe tumenufaika na kazi ya mwanaisimu Mechthild Reh, ambaye mwaka 2004 aliandika kuhusu maandishi ya lugha nyingi katika mji wa Lira, Uganda. Aliyapanga kwa kutazama anachokipata msomaji wa kila lugha. Kuna maandishi yanayorudia kila kitu katika lugha zote. Kuna yanayosema yote katika lugha moja na kutoa vipande tu katika nyingine. Kuna yanayolingana sehemu tu, kila lugha ikiwa na ziada yake. Na kuna ambayo kila lugha inasema jambo tofauti kabisa. Aina ya kwanza ndiyo ambayo sisi tulidhani ni ya kawaida. Picha zetu zinaonyesha kwamba ya pili na ya tatu hazikosekani hata kwenye kibao kinachoonekana kwa mbali kuwa nakala tupu, na hapo ndipo pa kuangalia.

Aprili. Kibao cha kivuko

Kibao kimoja kutoka kando ya Ruvuma kimetuchukulia muda kuliko vyote, nami nakiandika kwa kirefu kwa kuwa karibu kila kanuni tuliyonayo sasa imepitia hapo. Kina lugha tatu, kimepakwa rangi nyeupe juu ya ubao wa bluu, na kona yake ya chini imefunikwa na tangazo la karatasi lililogandishwa na kuchanika nusu. Unukuzi wake, baada ya kupangwa, ni huu:

```
ujumbe lugha maandishi                               hali
1      sw    KIVUKO: SAA 12:00 ASUBUHI - 12:00 JIONI kamili
1      en    FERRY: 6:00 AM - 6:00 PM                nakala
1      pt    BARCO: 05H00 - 17H00 (HORA DE M...)     ?
2      sw    MIZIGO YOTE IKAGULIWE KABLA YA KUPANDA  kamili
2      en    ALL LUGGAGE TO BE INSPECTED             pungufu
3      pt    CRIANÇAS SÓ COM ADULTO                  pekee
```

Njia yetu ya haraka ya kujua kama mistari miwili ni nakala ni kulinganisha vitu visivyotafsiriwa: tarakimu, majina ya mahali, nambari za simu, kiasi cha fedha. Vikilingana, kuna dalili nzuri kwamba ujumbe ni mmoja. Visipolingana, mtu hulazimika kusoma kwa makini. Kwa saa, njia hiyo inapotosha pande zote mbili. Ujumbe wa kwanza una tarakimu 12, 6, 5 na 17, na mtu anayelinganisha tarakimu pekee atasema kuna ratiba tatu. Ukweli ni kwamba ratiba ni moja. Saa 12 asubuhi ya Kiswahili ndiyo saa 6 ya Kiingereza, jambo ambalo kila mmoja wetu analijua lakini jedwali halilijui. Mstari wa Kireno ulikuwa mgumu zaidi, kwa sababu saa 05H00 ikihesabiwa kwa mtindo wa Kizungu iko saa nzima kabla ya ule wa Kiingereza, na maelezo yaliyofuata yamefichwa na karatasi.

Tuliomba picha nyingine iliyopigwa kwa pembeni, ikaonyesha sehemu ya herufi zilizofuata baada ya ile M. Maelezo yalikuwa yanasema kwamba hiyo ni saa ya Msumbiji. Tanzania iko saa tatu mbele ya saa ya dunia na Msumbiji iko saa mbili mbele, kwa hiyo saa 05H00 ng'ambo ni saa 6 kamili kwa hesabu ya Kiingereza upande wetu, yaani saa 12 asubuhi. Aliyeandika kibao hakurudia tu ratiba kwa Kireno. Aliihamisha kwenye saa ya msomaji wake. Huo ni uungwana ambao tafsiri ya mstari kwa mstari ingeuharibu, kwa kumwambia msomaji wa Kiswahili kwamba kivuko kinaanza saa 11 alfajiri bila kumweleza ni saa ya nchi gani.

Sasa tunabadilisha saa zote kuwa za mfumo wa saa 24 wa Afrika Mashariki kabla ya kulinganisha, na matokeo ya mabadiliko hayo hayaonyeshwi kwa msomaji, ni ya kufanyia hesabu tu. Katika kufanya hivyo tumepata pia kipimo cha kugundua saa ya Kiswahili iliyonakiliwa kutoka Kiingereza bila kugeuzwa. Kibao kinachosema «saa 8:00 asubuhi» kina walakini, kwa kuwa saa nane ya Kiswahili ni ya mchana au ya usiku. Kama mstari wa Kiingereza wa kibao hichohicho nao una tarakimu 8 ya asubuhi, tunaandika kwamba nakala ni moja na saa ya Kiswahili haikugeuzwa. Unukuzi hatuurekebishi, maelezo yanakaa kando yake. Lakini «saa 6:00» isiyotajwa kipindi cha siku haina kipimo chochote, nayo tunaiacha na alama ya kuuliza mpaka mtu wa mahali hapo athibitishe.

Baada ya hapo uamuzi kwa msomaji wa Kiswahili ukawa mwepesi. Ujumbe wa kwanza na wa pili tayari anao kwa lugha yake, tena kwa ukamilifu, kwa hiyo mistari ya Kiingereza haitafsiriwi hata kidogo. Inabaki kwenye picha kama ilivyo. Kutoka kwenye mstari wa Kireno inachukuliwa ziada tu, yaani kwamba ratiba hiyohiyo imeandikwa pia kwa saa ya Msumbiji. Mmoja wetu aliona hata hilo si la lazima. Mimi nilishikilia libaki, kwa sababu mfanyabiashara anayerudi kutoka ng'ambo simu yake inaweza kuwa bado inaonyesha saa ya huko. Ujumbe wa tatu, kwamba watoto wasivuke bila mtu mzima, upo kwa Kireno peke yake, nao unatafsiriwa wote.

Kwa msomaji wa Kireno kibao hichohicho kinahitaji kazi tofauti kabisa. Wa kwanza na wa tatu anao, wa pili hana. Anahitaji tafsiri moja, na hapa palikuwa na kishawishi cha kuitoa kwenye Kiingereza kwa kuwa ni rahisi kumpata mtu wa kukigeuza kuwa Kireno. Lakini Kiingereza kinasema tu kwamba mizigo itakaguliwa; Kiswahili kinaongeza kwamba ni kabla ya kupanda. Anayetegemea Kiingereza atapanda kwanza akisubiri ukaguzi ng'ambo, kisha ateremshwe. Tumetafsiri kutoka Kiswahili.

Mei. Chanzo kinachaguliwaje

Kibao cha kivuko kilituacha na kanuni kwamba ujumbe mmoja hutafsiriwa mara moja tu, kutoka kwenye nakala iliyo kamili zaidi. Haisaidii pale nakala mbili zikiwa na urefu uleule na bado zinatofautiana kidogo. Hapo tunatafuta ipi iliandikwa kwanza, na maandishi yenyewe mara nyingi yanajieleza. Vibao vya halmashauri vinavyotaja faini na sheria ndogo hutungwa kwa Kiswahili, na Kiingereza chake, kama kipo, hufupishwa. Vibao vya usalama kwenye mitambo huelekea kuwa kinyume: Kiingereza ndicho asili, na Kiswahili chake kinafuata mpangilio wa maneno ya Kiingereza kiasi kwamba unaweza kukirudisha kilikotoka bila kukiona. Nakala iliyofuata mwenzake hivyo haifai kuwa chanzo, hata kama lugha yake ndiyo mtafsiri anayoijua vizuri zaidi.

Majina ya taasisi tumeyatenga. Kibao kikibeba jina la TPDC kwa Kiingereza na kifupisho chake, hatutungi jina jipya. Jina la Kiswahili lipo, ni Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania, na ndilo linaloandikwa.

Jambo lililotuchukua muda zaidi mwezi huu ni sentensi pungufu. Lango moja la eneo la ujenzi lina Kiswahili kinachosema hairuhusiwi kuingia bila kofia ngumu, na Kiingereza kinachotaka kofia ngumu, viatu vya usalama na kizibao cha kung'aa. Tulijaribu kutafsiri ziada tu, tukapata kipande kinachoelea, «viatu vya usalama na kizibao cha kung'aa», ambacho kwa msomaji kilisikika kama orodha ya bidhaa za duka. Tulichoamua ni kwamba ziada ikiwa sentensi inayojitegemea, inatafsiriwa peke yake na kuwekwa chini ya ile ya Kiswahili. Ikiwa ni sehemu tu ya sentensi, sentensi nzima ya lugha nyingine inatafsiriwa, na inaandikwa wazi kwamba imetoka katika Kiingereza na ina masharti zaidi. Hapo kurudia kofia ngumu kunavumilika, kwa kuwa msomaji anajua kwa nini anaisoma mara ya pili.

Juni. Nakala zinazopingana

Picha ya kibao cha kukataza kutupa taka, kutoka upande wa Lindi, ina faini ya shilingi 50,000 kwa Kiswahili na 30,000 kwa Kiingereza. Ukiikuza picha unaona kwamba tarakimu ya Kiswahili imepakwa upya: kuna kivuli cha rangi ya zamani chini yake, na weupe wake ni mkali kuliko wa herufi zinazoizunguka. Yaelekea faini ilipandishwa na fundi akarekebisha mstari mmoja tu.

Kulikuwa na hoja kwamba kwa kuwa Kiswahili kipo na ndicho kipya, msomaji wa Kiswahili asisumbuliwe. Nilikataa, na bado nakataa. Kukaa kimya kunafaa pale tu ambapo nakala zinakubaliana. Zikipingana, mgongano wenyewe ni habari, na anayetozwa faini ana haki ya kujua kwamba kibao kinasema mambo mawili. Kwa hiyo jumbe za namna hii zimepewa hali ya `kinzani`. Zinaonyeshwa pande zote mbili, kila kiasi kikiwa na lugha yake, na maelezo mafupi kuhusu rangi mpya yanawekwa kama tulichokiona kwenye picha. Mtafsiri haruhusiwi kuchagua kiasi kimoja, wala kuandika kwamba kiasi fulani ndicho halali.

Tahadhari ni kutozidisha hali hiyo. Kabla ya kuiweka, mtu wa pili anaangalia kama tofauti ni ya tarakimu kweli au ni ya namna ya kuandika, kwa kuwa nukta na mkato hubadilishana nafasi katika Kireno, na 50.000 ya Kireno ni elfu hamsini, si hamsini yenye sifuri tatu nyuma ya nukta. Programu ya kusoma picha nayo huchanganya 3 na 8 kwenye rangi iliyobanduka. Kiwango cha uhakika cha neno husika kikiwa chini, tunarudi kwenye picha yenyewe kabla ya kusema lolote.

Juni, mwishoni. Vibao virefu vya maelezo

Tumeanza kupokea picha za vibao vya historia, hasa kutoka Kilwa Kisiwani, ambako magofu pamoja na yale ya Songo Mnara yamo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 1981. Hapa hakuna sentensi fupi za makatazo, kuna aya. Aya mbili za lugha mbili zinaweza kuhusu jengo lilelile na bado zisiwe nakala. Katika picha moja ya maelezo kuhusu Husuni Kubwa, Kiswahili kinaeleza jengo na matumizi yake. Kiingereza kinaongeza Sultani al-Hasan bin Sulaiman na safari ya Ibn Battuta aliyefika Kilwa mwaka 1331.

Kulinganisha mstari kwa mstari hakuwezekani, kwa hiyo tunaorodhesha madai ya kila aya: nani, lini, wapi, nini kilijengwa. Miaka na majina ya watu ndiyo ya kushikia, kwa sababu hayabadiliki. Dai lililo katika lugha zote halitafsiriwi. Dai lililo katika Kiingereza pekee linatafsiriwa na kuwekwa chini ya aya ya Kiswahili kama nyongeza, bila kuchomekwa ndani yake, maana aya ile ina mwandishi wake na si yetu kuiandika upya. Kazi hii inakwenda polepole. Aya moja inaweza kumaliza asubuhi nzima ikiwa Kiingereza kimegawanya habari kwa mpangilio tofauti na wa Kiswahili, na nimeomba vibao vya aina hii visichanganywe katika hesabu ya kazi na vile vya malango na barabara.

Picha za zamani, zilizotafsiriwa kwa utaratibu wa Machi, zinapitiwa upya kuanzia zile zenye saa na fedha. Vibao vya makatazo vilivyo nakala kamili vitafuata, na kwa vibao hivyo kazi ni kuondoa tafsiri tu. Lililobaki bila uamuzi ni vibao vya Kiswahili, Kiingereza na Kichina kwenye maeneo ya ujenzi: hatuna msomaji wa Kichina katika kundi letu, kwa hiyo hatuwezi kusema kama mstari wa tatu ni nakala au una ziada. Mpaka apatikane mtu wa kuusoma, mistari hiyo inabaki na alama ya kuuliza kwenye jedwali, na juu ya picha inaandikwa kwamba sehemu ya Kichina haijasomwa.